Makato usiyoyajua kwenye stetimenti: uandike barua ya kuulizia au barua ya kukana?

Wadau, kila mwisho wa mwezi watu wakishachukua stetimenti zao swali hili linarudi, mtu kaona hela imetoka na hajui imeenda wapi, na jibu analopewa ni "nenda tawini ukaandike barua". Sawa, barua, ila barua ipi? Maana ziko mbili, zote zinataja tarehe, kiasi na namba ya muamala, lakini zinaomba vitu tofauti na ndani ya benki zinaenda kwenye meza tofauti, na ukichagua isiyofaa unaweza ukapoteza hela ambayo ilikuwa inarudi kabisa. Nimekaa kwenye meza ya malalamiko ya wateja benki kwa muda, hizi barua nimezisoma sana, kwa hiyo naziweka hapa mbili mbili uone ipi ni yako.

Ya kwanza naiita ya kuulizia. Unasema nimeona makato haya, siyatambui, naomba benki inieleze ni ya nani na yamefanyikaje. Ya pili ni ya kukana. Hapo unasema muamala huu sijaufanya na sijamruhusu mtu aufanye, fungeni kadi, rudisheni hela yangu. Watu wengi wakiwa na hasira wanaandika ya pili moja kwa moja, naelewa, hela inauma. Ila hebu tuone kila moja inafanya nini ikishapokelewa.

Ya kuulizia inaenda kwa watu wa operesheni au wale wa huduma kwa wateja. Wanaingia kwenye mfumo, wanatafuta ule mstari, wanatoa vitu ambavyo stetimenti yako haikuonesha: jina kamili la mfanyabiashara, nchi aliko, kiasi kilichotozwa kwa dola au kwa fedha nyingine, saa, na kama kadi iliingizwa kwenye mashine au namba zake ziliandikwa mtandaoni. Kadi yako inaendelea kufanya kazi. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ya kukana inaenda kitengo cha kadi au kitengo cha udanganyifu. Kadi inafungwa hapo hapo na unasubiri mpya, mara nyingi unalipia. Wanakujazisha fomu yao ya pingamizi, unasaini, halafu kama ni muamala wa kadi wanaanzisha kile wanachokiita chajibeki, yaani benki yako inairudisha ile hela kupitia mtandao wa kadi, Visa au Mastercard, inaenda kumdai benki ya yule mfanyabiashara, na mfanyabiashara anapewa nafasi ya kujitetea. Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Chajibeki inaenda na sababu moja, na ukikana sababu inayoandikwa ni udanganyifu. Mfanyabiashara akionesha kwamba ni wewe kweli uliyejiunga, kesi imekwisha, hata kama ulikuwa na hoja nyingine nzuri tu, kwa mfano ulishajitoa na bado wakakukata. Na tangu Aprili 2023 Visa imempa mfanyabiashara wa mtandaoni silaha nyingine: akileta miamala miwili ya zamani ya kadi ile ile, yenye zaidi ya siku 120, ambayo hukuipinga, na vitu kama simu iliyotumika au anwani ya intaneti vinafanana na muamala unaoukana, dai lako la udanganyifu linaanguka.

Kwa hiyo ukikana kitu ambacho kumbe ni chako umejifunga mwenyewe, na saini yako iko pale. Upande wa pili nao una hatari yake, ukiandika ya kuulizia wakati kweli mwizi anazo namba za kadi yako, kadi inabaki wazi na yeye anaendelea kukata huku wewe unasubiri maelezo.

Tuchukue kesi moja tuipitishe kote. Jamaa ni mpiga picha za harusi, ana akaunti ya shilingi na kadi ya Visa. Machi 2025 stetimenti yake inaonesha tarehe 14/03/2025 makato ya sh. 131,750.00, maelezo yake ni herufi za kifupi za Kiingereza hazisomeki vizuri, zina jina asilolijua na mji wa nje. Chini yake kuna mistari mingine miwili midogo ya siku hiyo hiyo, sh. 2,635.00 na sh. 474.30. Namba ya muamala FT25073K4M9Q. Yeye anaapa hajanunua kitu tarehe 14 maana alikuwa shambani kwa wazazi wake siku nzima, simu haina hata mtandao.

Sasa angalia kabla hujaandika chochote, ile mistari inasema mengi. Tarehe 14 ni siku makato yalipoingizwa kwenye akaunti, siyo lazima iwe siku muamala ulipofanyika. Kadi ikitumika nje au mtandaoni, benki kwanza inaizuia tu ile hela, halafu siku moja mbili au zaidi ndiyo inaikata rasmi. Alipotafuta kwenye meseji za benki akakuta taarifa ya tarehe 12/03/2025 usiku, na tarehe 12 alikuwa mjini. Kwa hiyo ule utetezi wa shambani hauna kazi, na angeuweka kwenye barua ya kukana ungemharibia, kwa sababu mfanyabiashara angeleta rekodi ya tarehe 12 na jamaa angeonekana anadanganya.

Hiyo namba ya muamala nayo isome. Benki zinatofautiana mifumo, ila ukiona inaanza na FT halafu tarakimu tano, mara nyingi mbili za kwanza ni mwaka na tatu zinazofuata ni siku ya ngapi ya mwaka. FT25073 ni mwaka 2025, siku ya 73, ambayo ukihesabu Januari 31 na Februari 28 unabakiwa na 14, yaani Machi 14. Inalingana na stetimenti. Isipolingana angalia tena kama umenakili vizuri, maana herufi O na sifuri zinawachanganya watu kila siku na karani akiweka namba isiyokuwepo anakujibu "muamala haujaonekana", faili linafungwa.

Na ile mistari midogo miwili: sh. 2,635.00 ni asilimia 2 kamili ya 131,750, hiyo ni ada ya benki ya muamala wa nje, na sh. 474.30 ni asilimia 18 ya ile ada, yaani VAT. Kwa hiyo siyo wezi watatu, ni muamala mmoja na watoto wake, jumla sh. 134,859.30. Wengi wanapinga ule mkubwa tu, hela ikirudi ada inabaki imekatwa na hakuna anayeikumbuka. Ziandike zote tatu, kila moja na kiasi chake mpaka senti, usizungushe kuwa "kama laki na thelathini hivi". Karani anatafuta kwa kiasi na kwa namba, siyo kwa makadirio.

Sasa je, huyu aandike ipi? Ana mashaka, hana uhakika. Jina halijui, lakini anatumia programu za kuhariri video na picha na kadi yake ameishaiweka mtandaoni sehemu kadhaa. Makato ni mara moja, hayajarudia. Huyu ni mtu wa barua ya kuulizia, na yake iwe hivi:

YAH: KUOMBA MAELEZO YA MAKATO YA SH. 131,750.00 YA TAREHE 14/03/2025, NAMBA YA MUAMALA FT25073K4M9Q, AKAUNTI INAYOISHIA NA 4417

Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwenye stetimenti yangu ya tarehe 1 hadi 31 Machi 2025 kuna makato ya sh. 131,750.00 yaliyoingizwa tarehe 14/03/2025 kwa namba ya muamala FT25073K4M9Q, pamoja na sh. 2,635.00 na sh. 474.30 za siku hiyo hiyo zinazoambatana nayo. Siyatambui makato haya.

Naomba kupatiwa kwa maandishi jina kamili la mfanyabiashara na nchi aliko, kiasi halisi kwa fedha ya kigeni, tarehe na saa muamala ulipofanyika, na kama ulifanyika kwa mashine au mtandaoni.

Iwapo maelezo hayo yataonesha kuwa muamala huu sikuufanya, naomba barua hii ihesabiwe kuwa pingamizi langu rasmi kuanzia tarehe mliyoipokea.

Ile aya ya mwisho msiiache jamani. Ndiyo inayofanya barua ya kuulizia isiwe dhaifu, maana baadaye hakuna atakayekwambia ulichelewa kulalamika, tarehe yako ya kulalamika ni hii. Ila na yenyewe ina mpaka wake. Inakusaidia kwa benki yako, haisimamishi saa ya Visa au Mastercard. Kwa madai ya udanganyifu mitandao hii inampa benki siku 120, kwa Visa zinahesabiwa tangu muamala ulipochakatwa, siyo tangu ulipoona stetimenti. Kwa jamaa yetu ukihesabu kutoka Machi 14 unafika Julai 12, 2025. Inaonekana mbali, lakini hizo siku ni za benki kupeleka dai, siyo za wewe kuanza kuandika, na yale masharti uliyosaini wakati wa kufungua akaunti yanaweza kuwa yanakutaka ulalamike mapema zaidi, yatafute uyasome. Kama ulichukua stetimenti ya miezi mitatu kwa pamoja basi muda mwingi umeshaliwa, na hapo mimi ningebana benki ijibu haraka, kila baada ya siku chache niko pale.

Jibu lilipokuja kwenye kesi hii: kampuni ya programu ya kuhariri video, dola 49.99, ya mwaka mzima. Alijiunga kwa majaribio ya bure, majaribio yakaisha, ikamkata yenyewe, na jina linalotoka kwenye kadi ni la kampuni mama ambalo halifanani kabisa na jina la programu. Hii inatokea sana. Angekuwa amekana angefungiwa kadi, angesubiri, na kampuni ingeonesha barua pepe yake na simu yake ile ile. Kwa kuulizia akapata jina, akaingia kwenye akaunti yake akasitisha, akawaandikia wenyewe kuomba warudishe kwa sababu hakuitumia tangu majaribio yaishe, na kwa njia hiyo hakuhitaji chajibeki hata kidogo.

Haya, sasa ile ya kukana. Hii ni yako kama mambo yafuatayo yapo: makato yamerudia mara mbili tatu kwa mfululizo, au kuna kale kamuamala kadogo ka dola moja kakifuatiwa na kakubwa (wezi wanaipima kadi kwanza), au ni ATM ya mji ambao hujafika, au umepokea meseji za OTP ambazo hukuziomba. Pia kama umeishaandika ya kuulizia na jibu limekuja na jina ambalo umelitafuta kwenye barua pepe zako zote, umewauliza na wa nyumbani wanaotumia simu yako, hakuna anayelijua. Hilo la wa nyumbani msilidharau, mtoto akinunua vitu vya gemu kwa simu ya mama yake, muamala unaonekana umefanywa na mama.

Hapa simu kwanza, barua baadaye. Piga kufunga kadi dakika hiyo hiyo, andika saa uliyopiga na namba ya tiketi waliyokupa, halafu ndiyo uandike:

YAH: KUKANA MAKATO YA SH. 131,750.00 YA TAREHE 14/03/2025, NAMBA YA MUAMALA FT25073K4M9Q, AKAUNTI INAYOISHIA NA 4417

Ndugu Meneja, husika na kichwa cha habari hapo juu. Muamala uliotajwa, uliomo kwenye stetimenti yangu ya tarehe 1 hadi 31 Machi 2025, sikuufanya na sikumruhusu mtu yeyote kuufanya. Kadi yenye tarakimu nne za mwisho 8802 ninayo mimi na haijawahi kupotea. Niliifungisha kwa simu tarehe na saa hii, tiketi namba hii.

Naomba jumla ya sh. 134,859.30, yaani makato sh. 131,750.00, ada sh. 2,635.00 na kodi yake sh. 474.30, irudishwe kwenye akaunti yangu, na nijulishwe kwa maandishi hatua iliyochukuliwa.

Ukiziweka sambamba utaona kichwa kinafanana karibu chote, tarehe ile ile, kiasi kile kile, namba ile ile. Tofauti iko kwenye kile unachokiri. Ya kuulizia inakiri tu kwamba hujui, na hilo haliwezi kugeuzwa kuwa uongo hata jibu likija vipi. Ya kukana inatoa kauli tatu nne za ukweli, hukufanya, hukuruhusu, kadi unayo, na kila moja inaweza kupimwa na rekodi za benki. Kwa hiyo usiweke ndani yake kauli usiyo na uhakika nayo. Kama uliwahi kubonyeza linki ukaandika namba za kadi na ile OTP, liseme wazi na tarehe yake, maana benki inaona kwenye mfumo kwamba OTP ilitumika, na ukisema hukutoa kitu chochote wanakuwa na sababu ya kutokuamini mengine yote. Usiandike namba yote ya kadi ya tarakimu 16, usiandike zile tatu za nyuma, PIN ndiyo kabisa. Barua inapita mikononi mwa watu wengi.

Kuna mazingira ambayo moja kati ya hizi haifai hata kufikiriwa. Makato ya benki yenyewe, kama ada ya mwezi, ada ya kadi ya mwaka, bima ya mkopo, rejesho lililokatwa mara mbili, hayo ni ya kuulizia tu, kwa sababu hakuna mwizi wa nje, na hapo unaomba pia wakuoneshe kipengele cha mkataba au cha orodha ya ada kinachowaruhusu. Na hela ambayo bado imezuiwa tu haijakatwa rasmi, ile unayoiona kwenye salio lakini kwenye stetimenti haipo, kama ya hoteli, mara nyingi inajiachia yenyewe; haina hata tarehe ya stetimenti ya kutaja, subiri kidogo, isipokuwa kama unajua kabisa ni wizi, hapo piga simu.

Uhamisho kutoka kwenye simu ni habari nyingine kabisa. Hela ikitoka akaunti yako kwenda benki nyingine au kwenye laini ya mtu, mara nyingi kwa TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, inafika hapo hapo, na hakuna chajibeki, hakuna siku 120. Kinachosaidia ni kuikuta bado iko upande wa pili kabla haijatolewa, na hapo tunazungumzia dakika na masaa. Hapa barua ya kuulizia ni kupoteza muda. Piga simu, wape kiasi, saa na namba ya muamala kutoka kwenye meseji, waombe wawasiliane na upande wa pili waizuie, nenda polisi uchukue RB maana kitengo cha udanganyifu watakuomba, kisha barua ya kukana ukiwa na RB mkononi. Na kwenye barua hiyo namba ya muamala ni muhimu kuliko kitu kingine, kwa sababu ndiyo benki ya pili itakayoitafuta, namba ya ndani ya benki yako pekee inaweza isionekane kwao, kwa hiyo kama meseji na stetimenti zinaonesha namba mbili tofauti ziandike zote mbili ukisema ipi imetoka wapi.

Fomu ya benki je, siyo inatosha? Kwa barua ya kukana fomu utajazishwa tu, haikwepeki, ila fomu nyingi zina visanduku vya kuweka tiki na nafasi finyu ya maelezo, halafu kuna kisanduku cha "sikufanya muamala huu" na kingine cha "nilifanya lakini kuna tatizo", na karani mwenye foleni anaweza kukuambia weka tiki hapa. Soma mwenyewe kabla ya tiki. Barua yako iambatane na fomu, na kwenye fomu andika "angalia barua ya tarehe fulani". Kwa kuulizia sijaona fomu inayofanya kazi hiyo vizuri, barua pekee inatosha, hata ya barua pepe ilimradi itoke kwenye anwani iliyosajiliwa benki.

Ukiipeleka kwa mkono peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo na moja wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, ukae nayo. Ambatanisha ukurasa ule tu wa stetimenti wenye makato, umezungushia mistari yote mitatu kwa kalamu, siyo kurasa zote za mwaka. Wakikataa kugonga muhuri tuma barua hiyo hiyo kwa barua pepe ukiwa bado umesimama pale.

Wakikaa kimya, au wakikujibu kwa maneno ya mdomo tu, barua ya pili inakuwa fupi: inataja tarehe ya barua ya kwanza na muhuri wake, namba ya tiketi, ile tarehe, kile kiasi na ile namba ya muamala, na inasema kwamba usipopata jibu la maandishi utapeleka lalamiko kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania. Dawati wanataka kwanza uwe umelalamika kwa benki yako, na ule muhuri kwenye nakala ndiyo ushahidi wako kwamba ulianza kwao.